Video ya kuwafundishia wasichana netiboli: Kinovea, CapCut au DaVinci Resolve?

Mwalimu_Zawadi: Habari za jioni wadau. Ninafundisha netiboli shule ya sekondari na UMISSETA ngazi ya wilaya imebaki wiki tatu. Nimerekodi mechi mbili za kirafiki, nataka kuwatengenezea wasichana video ya dakika kama kumi: tukio linapita kwa kasi yake, linarudi polepole, linaganda, halafu mshale au duara linawaonyesha kosa lilipo. Nimetajiwa Kinovea, CapCut na DaVinci Resolve. Nianze na ipi?

Kijana_Temeke: CapCut, dada. Simu unayo mkononi tayari. Gusa klipu, bonyeza "Freeze", weka mshale, umemaliza. Mimi nahariri mechi za mtaani kila Jumapili, sijawahi kufungua kompyuta.

Fundi_Picha: Kabla hujashauriwa chochote, mwalimu, tuambie haya. Laptopu ina RAM ngapi? Simu ilirekodi fremu ngapi kwa sekunde? Ilikuwa imesimamishwa mahali pamoja au mtu aliishika akifuata mpira? Na kosa lenyewe ni lipi? Bila hayo kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

Mwalimu_Zawadi: Samahani, kweli nimeacha mengi. Laptopu ni Windows 10, RAM 4. Mechi ya kwanza 30 fps, ya pili 60 fps, zote simu ilishikwa na mwanafunzi. Tutatazama kwa projekta ya shule. Kosa ni hatua. Mechi ya pili tulipigiwa filimbi ya hatua mara 11, na wasichana wangu wanaapa kwamba hawakutembea.

Fundi_Picha: Basi Resolve iweke kando, kwa RAM 4 utalia. Chukua Kinovea, ni ya bure na ni nyepesi. Tumia mechi ya pili kwanza. Kwenye 30 fps, kati ya picha moja na inayofuata kuna karibu milisekunde 33, na mguu unaweza kugusa chini katika pengo hilo usiuone. Kwenye 60 fps pengo ni nusu yake.

Fungua klipu fupi ya sekunde sita au nane, si mechi nzima. Sogea fremu moja moja hadi ile ambayo mguu wa kutua unagusa chini kwa mara ya kwanza akiwa na mpira. Hapo weka duara kwenye kiatu. Endelea hadi fremu ambayo mpira unaachana na vidole, weka duara kwenye kiatu kilekile. Ukichora juu ya fremu, Kinovea inaihifadhi kuwa picha muhimu, na wakati wa kutoa video unaweza kuiagiza isimame kwenye kila picha muhimu. Isimame sekunde nne hivi. Duara moja na mshale mmoja vinatosha kwa kila mgando. Mishale ikiwa mitano mtoto hajui aangalie wapi.

Kasoro yake: video inayotoa haina sauti. Maelezo yako utayasema mwenyewe ukiwa mbele ya projekta, au utaongeza sauti baadaye kwa programu nyingine.

Kocha_Dau: Hatua si jambo la kutafutia programu. Mguu wa kutua ukishanyanyuka tu, faulo. Waambie wasinyanyue.

Bi_Rehema: Hapana, mdogo wangu, hapo utawapotosha. Mimi nimepuliza filimbi miaka mingi. Mchezaji akitua kwa mguu mmoja, anaruhusiwa kukanyaga na mguu wa pili na hata kuunyanyua ule wa kutua. Asichoruhusiwa ni kuurudisha chini kabla mpira haujatoka mkononi. Ndiyo maana fremu mbili alizotaja Fundi ndizo zinazohitajika.

Ila nataka nikuonye, mwalimu, kuhusu hizo slomo za simu. Mwaka juzi nilimhariria binti yangu wa timu, mchezaji wa kati, klipu kwa programu moja ya simu. Nilipunguza kasi hadi asilimia 20, ikawa inakatakata, nikawasha ile setingi ya kulainisha. Ikateleza vizuri kama televisheni. Nikagandisha, ncha ya kiatu chake ikaonekana imegusa chini na mpira bado uko mkononi. Nikaweka mshale mwekundu, nikawaonyesha wenzake wote. Akasema, "Mama, mimi sikukanyaga." Nikamwambia picha haisemi uongo. Wiki ile hakuja mazoezini. Kaka yake alipofungua video ya asili na kupita fremu moja moja, kiatu hakikugusa chini katika fremu hata moja. Fremu moja kiko juu, inayofuata mpira umeshatoka. Ile picha niliyoigandisha kamera haikuipiga kabisa, iliungwa na programu katikati ya picha mbili. Nilikwenda kwao kumwomba radhi mbele ya mama yake. Bado linaniuma.

Fundi_Picha: Pole sana Bi Rehema, na asante kwa kulieleza. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko programu gani. Ulainishaji unabuni fremu ambazo hazikuwepo. CapCut na Resolve wanaiita "Optical flow". Kwenye Resolve weka "Nearest", kwenye CapCut usiwashe ulainishaji wowote. Itakatakata kidogo, lakini kila picha utakayoigandisha ni ya kweli. Video ya 60 fps ukiipunguza hadi asilimia 50 na kuitoa kwa 30 fps, kila fremu inatumika mara moja na inaenda sawasawa bila kubuni chochote.

Kijana_Temeke: Hilo la kulainisha sikulijua, nimekuwa nikiliwasha kila mara. Lakini bado nasema CapCut bila ulainishaji inamfaa, na sauti anaipata.

Mwl_Wekesa: Mimi niko Bungoma, nafundisha voliboli. Kinovea niliitumia kupima mruko, nikapata sentimita 90 kwa msichana wa kidato cha pili. Inadanganya. Nilipima kwa kimo cha neti pale kwenye nguzo, mita 2.24 kamili.

Fundi_Picha: Alirukia karibu na nguzo, au karibu na kamera?

Mwl_Wekesa: Karibu na kamera, kama mita tatu mbele ya nguzo.

Fundi_Picha: Ndiyo sababu. Aliye karibu anaonekana mkubwa, na kipimo chako kilikuwa cha mbali. Kitu cha kupimia kiwe umbali uleule na mchezaji, na kamera imwangalie kwa ubavu.

Mwalimu_Zawadi: Nimejaribu Kinovea jana usiku kwa matukio manne ya mechi ya pili. Mawili ni hatua kweli, mguu umerudi chini fremu tano kabla ya mpira kutoka. Moja si hatua. La nne siwezi kusema, kiatu kimekuwa ukungu mtupu. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni.

Fundi_Picha: Mwanga ulipungua, simu ikaacha fremu wazi muda mrefu. Kurekodi tena, fanya saa tisa au kumi alasiri. Simu yako ikiwa na sehemu ya "Pro", weka kasi ya shata 1/500. Isimamishe juu ya meza pembeni ya uwanja, kwenye usawa wa theluthi moja tu. Usihangaike kupata uwanja wote.

Kocha_Dau: Na hilo la nne usiwaonyeshe.

Bi_Rehema: Mimi ningewaonyesha, waone kwamba hata refa kuna asichokiona. Ila yale mawili ya kweli, mwite kila mmoja peke yake kwanza.

Kijana_Temeke: Lakini wengine watajifunzaje kama hawaoni?

Mwalimu_Zawadi: Hapo ndipo nimekwama. Mmoja wao ndiye kapteni.