DDoS: laini kujaa au programu kuelemewa? Tulinganishe kinga kwa kampuni ndogo

mlinzi_wa_seva

Wadau, habari zenu. Kampuni yetu ina watu 12 na mitambo naishika mimi peke yangu. Tuna seva moja yenye prosesa 4 kwenye kituo cha data, laini ya gigabiti 1. Juzi tovuti yetu ya kuweka nafasi ilizimika mara mbili kwa siku moja, na kadiri ninavyotazama grafu naona mambo mawili tofauti.

Asubuhi prosesa zote zilikuwa asilimia 100 na hifadhidata haijibu, lakini trafiki inayoingia haikufika hata megabiti 5. Logi ilijaa maombi ya ukurasa wa `/tafuta` kutoka anwani kama 600. Jioni ikawa kinyume: prosesa zimetulia kabisa, ila SSH haishiki. Nikaingia kwa konsoli ya mbali, nikakuta trafiki imegonga gigabiti 1. Dakika chache baadaye ikaanguka ghafla hadi sifuri, na tovuti ikabaki haipatikani kwa saa mbili.

Mezani kuna mambo matatu: kununua kifaa cha faiawoli tukiweke mbele ya seva, kupita kwenye proksi ya wingu kama Cloudflare, au kulipia kinga ya mtoa huduma wetu. Bosi anapenda kifaa kwa sababu ni mali ya kampuni. Mngechagua nini?

Kamanda_Linux

Usinunue chochote, mkuu. Linux inajitosheleza. Washa hii kwanza:

```
sysctl -w net.ipv4.tcp_syncookies=1
```

Kisha weka fail2ban isome logi na kufungia kila anwani inayozidisha maombi. Nimeendesha seva miaka minane kwa mtindo huu na sijawahi kulala nje ya mtandao.

nyuzi7

Kamanda, ushauri wako una mahali pake, ila si kwa jioni ile. SYN cookies zinaokoa jedwali la miunganisho ambayo haijakamilika. Mtu akikurushia pakiti nyingi ndogo za SYN, na laini bado ina nafasi, zinafanya kazi nzuri. Lakini laini ikishajaa, pakiti ya mteja halali inatupwa kwenye ruta ya mtoa huduma kabla seva haijaiona. Kufunga mlango wa nyumba hakuondoi msongamano barabarani. Ndiyo maana prosesa zilitulia: hakukuwa na kazi iliyofika.

Kwa sababu hiyohiyo kifaa cha faiawoli hakitasaidia jioni. Kitakaa upande wenu wa laini, na laini ndiyo iliyojaa.

Na kuijaza gigabiti 1 ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Chukua seva za DNS zilizoachwa wazi. Mshambulizi anatuma swali la baiti 60 huku akighushi anwani yako kama mtumaji, na jibu la baiti 3,000 linakuja kwako. Hiyo ni mara 50, kwa hiyo megabiti 20 tu za kwake zinatosha kuziba gigabiti yako. Memcached ilikuwa mbaya zaidi: Februari 2018 GitHub ilipigwa kwa terabiti 1.35 kwa sekunde kwa njia hiyo, na ilibidi ipitishe trafiki yake Akamai ili ichujwe.

Sasa ile grafu kuanguka hadi sifuri. Shambulio halikuisha. Mtoa huduma wako aliitupa anwani yenu kwenye shimo jeusi: kila pakiti inayoelekea kwenu inafutwa, ya adui na ya mteja. Alifanya hivyo kuwalinda wateja wengine wanaotumia vifaa vilevile. Kabla hujalipia "kinga" yake, muulize kwa maandishi kama anachuja trafiki au anatupa shimoni tu, anachuja hadi gigabiti ngapi, na inachukua dakika ngapi kuanza. Nimewahi kulipia kinga ambayo, siku ya siku, ilikuwa ni shimo jeusi lenye jina zuri. Inauma.

Jahazi

Mimi naendesha seva ya sauti kwa ajili ya wachezaji wa michezo. Niliiweka nyuma ya proksi ya wingu, bado nikapigwa siku hiyohiyo. Hizi proksi ni upotevu wa pesa.

nyuzi7

Jahazi, sauti yako inatumia UDP. Huduma za kawaida za proksi hupokea HTTP na HTTPS tu, kwa hiyo wachezaji wako walikuwa wakiunganishwa moja kwa moja na anwani halisi ya seva. Proksi ililinda ukurasa wa mbele peke yake. Kwako kinachofaa ni mtoa huduma anayechuja kwenye mtandao wake mwenyewe. Kwa mlinzi ni tofauti, yeye ana tovuti.

Jahazi

Hilo hakuna aliyeniambia wakati najiunga. Asante.

Kamanda_Linux

Nimekubali kuhusu jioni. Lakini asubuhi laini ilikuwa wazi, kwa hiyo fail2ban ingemaliza kazi. Ombi moja kwa sekunde kwa kila anwani, anayezidi nje.

zuhura_kodi

Kaka, hebu tupige hesabu kwanza. Mlinzi, utafutaji mmoja unachukua muda gani kwenye hifadhidata yako, na kila anwani ilituma maombi mangapi?

mlinzi_wa_seva

Utafutaji ni kama milisekunde 400, karibu zote ni kazi ya prosesa. Kila anwani ilituma ombi moja kila sekunde 20 hivi.

zuhura_kodi

Basi jibu liko hapo. Prosesa 4, kila utafutaji unakula sekunde 0.4 ya prosesa moja: uwezo wako wote ni utafutaji 10 kwa sekunde. Anwani 600, kila moja ombi moja kwa sekunde 20, ni maombi 30 kwa sekunde. Umezidiwa mara tatu, na hakuna hata anwani moja iliyokaribia kikomo cha Kamanda. Fail2ban ingeitazama logi hiyo isione mkosaji.

Ukikaza kikomo hadi ombi moja kwa dakika utawashika, lakini utawashika na wateja. Kampuni za simu huwaweka watu wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo anayekuonekea kama mtundu mmoja huenda ni wateja arobaini.

Mimi ningeanza na chanzo. Milisekunde 400 ni nyingi mno, na nina hakika kuna faharasa inayokosekana. Tumia `EXPLAIN ANALYZE`. Utafutaji ukishuka hadi milisekunde 15, seva ileile inahimili zaidi ya 260 kwa sekunde na shambulio la juzi usingelihisi. Hilo haliwezi kununuliwa kwa muuzaji wa vifaa.

La pili, zuia utafutaji usiuburuze mfumo mzima. Usihesabu kwa anwani, hesabu kazi zinazoendelea kwa wakati mmoja:

```nginx
limit_conn_zone $server_name zone=utafutaji:1m;

location /tafuta {
    limit_conn utafutaji 3;
    limit_conn_status 503;
    proxy_pass http://programu;
}
```

Utafutaji 3 kwa wakati mmoja, prosesa moja inabaki kwa ajili ya malipo na kurasa nyingine. Wakati wa shambulio utafutaji utakuwa mbovu, wateja wengi watapata 503, sikufichi. Ila aliyekwisha chagua nafasi yake ataweza kulipa.

mlinzi_wa_seva

Kwa hiyo dada, proksi ya wingu haihitajiki kwa asubuhi?

zuhura_kodi

Inasaidia, lakini si kwa kuwashwa tu. Kwa kawaida haihifadhi kurasa zinazotengenezwa upya kila ombi, kwa hiyo `/tafuta` itapitishwa moja kwa moja hadi kwenye hifadhidata yako. Lazima uiambie ihifadhi matokeo, hata kwa sekunde 60, na ipuuze vigezo isivyovijua. Usipofanya hivyo, adui anaongeza `?x=8371` na kubadili namba kila mara, na kila ombi linakuwa jipya.

Pia kuna lile jaribio la kivinjari kabla ya kuingia. Linachuja roboti nyingi za kawaida. Mna programu ya simu?

mlinzi_wa_seva

Tunayo, inatumia `/api/tafuta`.

zuhura_kodi

Basi jaribio usiliweke huko, programu ya simu haiwezi kulijibu na wateja wote wa simu watakatika. Adui akigundua atahamia hapo. Sina suluhisho safi la jambo hili. Sisi tunaruhusu utafutaji wa API kwa walioingia kwenye akaunti pekee wakati wa shambulio, na timu ya mauzo inalalamika kila mara.

nyuzi7

Niongeze kuhusu proksi, maana hapa ndipo wengi wanateleza. Inameza mafuriko kama ya jioni kwa kuwa uwezo wake ni mkubwa mno kuliko laini yako, mradi adui apige jina la tovuti. Akiijua anwani halisi ya seva anaipitia pembeni. Na anwani yako ya sasa anaijua tayari, ameipiga juzi. Kwa hiyo baada ya kuweka proksi, omba anwani mpya. Kisha angalia barua pepe za uthibitisho: zikitumwa na seva ileile, vichwa vyake vinaitaja anwani. Angalia na majina madogo kama `ftp` au `mail` kwenye DNS.

Ruhusu bandari 443 kutoka anwani za proksi tu. Ila kumbuka hilo linalinda programu, haliilindi laini, kwani pakiti zinakuwa zimeshafika. Kwa laini, mwombe mtoa huduma afute kwenye ruta zake UDP yoyote inayokuja kwenu ikitokea bandari 53, 123 na 11211, isipokuwa kutoka seva za DNS na saa mnazotumia. Baadhi hufanya bila malipo ukiwaomba kabla ya siku ya balaa.

Kamanda, ukiweka proksi, fail2ban yako itaona anwani za proksi na kuzifungia, yaani utajikata mwenyewe. Lazima kwanza nginx isome anwani halisi ya mgeni kwa `real_ip_header`, na ufungiaji wenyewe ufanyike kwenye proksi.

Kamanda_Linux

Hilo la mwisho limenishtua, nina mteja mmoja yuko hivyo hivi sasa. Naenda kuangalia. Ila bado sipendi mtu wa kati afungue HTTPS ya wateja wangu na kusoma kila kitu, malipo yakiwemo.

nyuzi7

Hofu hiyo ni halali na sina la kuipinga. Wapo wanaoweka malipo kwenye jina jingine lisilopita proksi, lakini hapo umeirudisha anwani halisi hadharani. Kila mmoja apime anachoogopa zaidi.

mlinzi_wa_seva

Nimerudi na habari. `EXPLAIN ANALYZE` ilionyesha hifadhidata inasoma jedwali zima la nafasi kila mara. Nimeongeza faharasa kwenye tarehe na kituo, utafutaji sasa ni milisekunde 22. Kikomo cha 3 nimekiweka. Mtoa huduma amejibu: anachuja hadi gigabiti 10 kwa malipo ya mwezi, na kwa tulio bila mkataba ni shimo jeusi. UDP amekubali kuifuta bure, na anwani mpya tunapata wiki ijayo.

Bosi nimempa grafu mbili za siku ile, akaacha habari za kifaa. Proksi tunaiwasha tukishapata anwani mpya. La malipo kupita kwa mtu wa kati hatujaamua, mwanasheria wetu anataka kuona mkataba wao kwanza.

zuhura_kodi

Milisekunde 22 ni nzuri. Jaribu pia kutafuta kwa neno tupu na kwa masafa ya tarehe ya mwaka mzima. Faharasa ya tarehe haisaidii mtu akiomba tarehe zote, na adui anayesoma tovuti yako vizuri ataanzia hapo.