Benki mnatuma meseji kama matapeli, halafu mnatuambia tujihadhari na matapeli!

HasiraHasara (mleta uzi)

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Simu yangu nimeiweka itenge meseji za namba nisizozisevu. Zinaingia folda yao, hazilii, nazipitia jioni. Jana naifungua folda hiyo, katikati ya matangazo ya mikopo na "hongera umeshinda" nakuta meseji ya asubuhi kutoka namba fupi ya tarakimu tano: "Kuna malipo yamejaribiwa kwa kadi yako inayoishia 4417. Kama ni wewe jibu NDIYO, kama si wewe jibu HAPANA." Nikaenda kwenye aplikesheni ya benki. Kweli, jaribio lipo, limezuiwa. Yaani onyo la kweli limeshinda kutwa nzima limelala na takataka!

Sasa njooni upande wa pili, kwenye mazungumzo yenye jina la benki, ambako nina meseji zao za miaka. Ya mwisho kabisa inasema: "Mpendwa mteja, akaunti yako imesitishwa. Hakiki taarifa zako ndani ya saa 24: benkiyetu.com-hakiki.info/ingia". Hiyo ni ya matapeli. Imejipanga chini ya meseji halisi ya salio, jina lile lile juu, hakuna hata alama ya kuitofautisha.

Kilichoiumbua ni anwani. Wengi wanasoma mwanzo, wakiona jina la benki na .com wanaridhika. Nenda mpaka kwenye mkwaju wa kwanza, halafu soma kurudi nyuma. Mwenye tovuti ni yale maneno mawili ya mwisho kabla ya mkwaju, yaani com-hakiki.info. Hicho kistari baada ya com ndicho chenye kesi. "benkiyetu" pale mbele ni pambo, angeweza kuandika hata jina la mjomba wangu.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada wa watu akanisomea: "Usibonyeze linki yoyote inayodai kutoka benki." Nikamuuliza, na ile mliyonitumia juzi ya kusasisha taarifa, yenye linki iliyofupishwa isiyosomeka inakoenda, kutoka namba ambayo sijawahi kuiona? Kimya. Kisha: "Ile ilikuwa ya kwetu."

Sasa mteja ashike lipi?

Mpenda_Amani

Mkuu unajisumbua bure. Sevu namba zote za benki, zilizobaki futa bila kusoma. Mimi naishi hivyo na sijawahi kuibiwa.

FundiMitambo

Mpenda Amani umepatia nusu. Ukiisevu ile namba fupi, onyo kama la mleta uzi litatoka kwenye folda ya wasiojulikana na simu italia. Hapo sawa. Ila kwa zile zinazokuja na jina badala ya namba, kusevu hakukulindi.

Nimefanya kazi kwenye kampuni ya kutuma meseji za jumla, nilichokuwa nakiona ni hiki. Jina la mtumaji ni maandishi tu, hayazidi herufi 11, na anayeyajaza ni anayetuma. Mtandao usipohakiki, naandika ninachotaka. Simu nayo haijui nani mwenye jina. Inalinganisha maandishi, yakifanana inaziweka meseji pamoja. Ndiyo maana ya tapeli imeangukia kwenye mazungumzo ya benki. Hakuna aliyevunja mfumo wa benki wala kuingia kwenye simu yako.

Na mleta uzi, kwenye anwani ongeza kitu kimoja. Kuna zile zinazoishia co kisha kifupi cha nchi. Hapo hesabu maneno matatu, la sivyo utaikataa tovuti halali.

Bi_Tausi

Mimi wangu hakutuma linki wala nini. Iliingia meseji ya kupokea hela, ina namba ya muamala na salio jipya, imepangwa kama za benki. Dakika mbili mbele mama mmoja anapiga analia, mwanangu nimekosea namba, nirudishie ni hela ya hospitali. Huruma ikanishika, lakini nikasema ngoja kwanza nitazame salio lenyewe. Halikuongezeka hata senti! Nilivyomwambia hivyo, kilio kikakata hapo hapo. Sasa naomba kuuliza, huyo mama anaweza kufungwa?

HasiraHasara

Bi Tausi pole, ila hiyo ya kufungwa waulize polisi. Ulichofanya ndicho chenyewe: salio lililoandikwa ndani ya meseji si salio, ni sentensi.

Kijana_wa_Kona

Mimi naona mleta uzi angejibu tu HAPANA mapema. Kujibu hakuli kitu.

FundiMitambo

Kunaweza kula. Matapeli nao wanatuma hiyo hiyo ya NDIYO na HAPANA. Ukijibu HAPANA, wamejua namba ina mtu na mtu ana wasiwasi. Baada ya muda mfupi unapigiwa: "Tunatoka kitengo cha ulaghai, tunakusaidia kuzuia." Wakati anaongea, anajaribu kuingia kwenye akaunti yako, na benki inakutumia namba za uthibitisho. Meseji hiyo ni halisi kabisa, imetoka benki, ukiichunguza mpaka kesho hutaona kasoro. Anakuomba umsomee "ili kufuta muamala". Ukimsomea, umemfungulia mlango.

Kwa hiyo hata tarakimu nne za kadi zisikutulize, taarifa kama hizo huvuja. Meseji ichukue kama mtu amekwambia "kaangalie akaunti", nenda kaangalie kwa njia yako: aplikesheni, au namba iliyoandikwa nyuma ya kadi. Siyo namba iliyo ndani ya meseji.

Kijana_wa_Kona

Lakini benki halisi ikiuliza nisipojibu, si watafungia kadi?

FundiMitambo

Wengine wanaizuia mpaka uwasiliane nao. Usumbufu, nakubali.

Mpenda_Amani

Basi hapo tatizo ni wateja kutosoma. Benki zinatangaza kila siku.

HasiraHasara

Wateja?! Benki inanitumia kwa jina leo, kesho namba fupi, keshokutwa namba ya kawaida, mara yenye linki, mara isiyo nayo, halafu mimi ndiye nisiyesoma? Wachague mtumaji mmoja, watoe linki zote, tuone matapeli watajificha nyuma ya nini.

FundiMitambo

Inawezekana. Singapuri, Januari 2022 benki ziliagizwa kuondoa linki kwenye meseji za wateja wa kawaida. Mwaka uliofuata kusajili majina ya watumaji kukawa lazima, na jina lisilosajiliwa linatokea kwenye simu kama "Likely-SCAM".

Ila usajili hauzibi kila tundu. Kuna mashine zinazojifanya mnara wa simu. Zinaishusha simu iliyo karibu hadi 2G, kisha zinaisukumia meseji moja kwa moja bila kupita kwenye mtandao. Hapo jina lolote linapita. Simu nyingi mpya za Android zina sehemu ya kuzima 2G kwenye mipangilio ya laini.

Bi_Tausi

Nikizima hiyo, nikienda kijijini kwa mama nitaendelea kupata simu?

FundiMitambo

Kama kule kuna mnara wa 2G peke yake, hutapata. Acha ilivyo.

HasiraHasara

Nimewaandikia barua pepe benki, nimeweka picha za meseji zote tatu bila maelezo, nikawauliza ipi ni yao. Limekuja jibu la mashine linasema wamepokea maoni yangu, na chini lina linki ya kutathmini huduma. Imefupishwa.