Mazoezi ya Kegel na kufunga choo: choo ni laini lakini hakitoki, naomba ushauri

Mama Shamsa, Bombo

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nina umri wa miaka 34, na miezi 7 iliyopita nilijifungua mtoto wa pili kwa njia ya kawaida. Tangu uzazi huo mkojo umekuwa ukinitoka matone machache kila ninapokohoa au ninapoinua jerikani, na jirani yangu akanielekeza mazoezi ya Kegel, yaani kukaza misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja. Nilianza kwa kukaza mara 10 asubuhi, mchana na jioni. Nilipoona matone hayaishi niliongeza, hata nikawa nakaza nikiwa kwenye boda na nikiwa jikoni nasonga posho, na siku nyingine nilifikisha mara 200.

Sasa ni wiki ya sita na nimefunga choo. Jambo linalonishangaza ni kwamba choo chenyewe si kigumu, kwa sababu nakula papai, dodo na maharagwe, na maji nakunywa ya kutosha; ila kikifika mlangoni kinagoma. Nakaa dakika 25 nikisukuma mpaka kichwa kinaniuma, kinachotoka ni chembamba kama kidole, nami naondoka nikihisi kingine kimebaki ndani. Hata mkojo siku hizi nausubiri kabla haujaanza, na tendo la ndoa limekuwa na maumivu ambayo sikuyajua kabla. Matone bado yapo. Je, niongeze mazoezi kwa kuwa misuli ni dhaifu, au mazoezi ndiyo yameniletea haya?

Nalongo wa Jinja

Pole sana dada. Mama anayenyonyesha hupoteza maji mengi, kwa hiyo ongeza maji na mboga, na upunguze matoke kwa muda. Na kama una choo cha kukalia, jaribu cha kuchuchumaa. Wazee wetu walichuchumaa na hawakuyajua matatizo haya.

Afande Mstaafu, Gulu

Mimi nilifanyiwa upasuaji wa tezi dume, na baada yake mkojo ulikuwa haushikiki kabisa. Nilielekezwa mazoezi hayohayo, nikayafanya kila siku kwa miezi kadhaa, na leo nakwenda safari ndefu bila wasiwasi. Usiache, mama. Ongeza bidii, maana misuli hujengwa kwa kazi.

Fizio wa Mbarara

Mama Shamsa, kwa heshima kwa waliotangulia, naomba uache kukaza kuanzia leo.

Kuna msuli mmoja unaoanzia kwenye mfupa wa kinena mbele, ukazunguka nyuma ya utumbo wa mwisho na kurudi mbele, kama kamba ya teo iliyokumbatia jiwe. Wakati wote ambao huna haja, kamba hiyo huvuta utumbo kuelekea mbele na kuupinda, na pindo hilo ndilo linalotuwezesha kuzuia choo tukiwa safarini. Ukienda haja, msuli unatakiwa kulegea ili pindo linyooke na mlango ufunguke. Kila unapofanya Kegel unaufundisha kuvuta, na usipoupa nafasi ya kuachia baada ya kila mkazo, msuli unasahau kuachia. Hapo unaposukuma, tumbo linasukuma chini huku kamba inavuta juu, mfano wa mpira wa bustani uliokunjwa ambao ukifungua bomba zaidi hauleti maji zaidi. Ndiyo maana choo chako ni laini na bado hakitoki, na ndiyo maana kinatoka chembamba. Mkojo unaochelewa kuanza na maumivu ya ndoa vinaelekea upande huohuo, kwa sababu njia zote zinapita katika misuli ileile.

Huenda unajiuliza iweje misuli iliyokaza ivujishe mkojo. Fikiria mkono uliobeba jerikani ya lita 20 kutoka kisimani bila kupumzika. Ukiambiwa uinue nyingine ghafla hautaweza, si kwa sababu haujawahi kufanya kazi, bali kwa sababu umechoka na hauna pa kwenda zaidi. Kikohozi ni ile jerikani ya pili.

Afande, kwako ilikuwa sawa, kwa sababu kilichokosekana kilikuwa ni nguvu. Daktari Kegel mwenyewe alipoeleza mazoezi haya mwaka 1948, alikuwa akishughulika na wanawake ambao misuli yao ilikuwa imelegea baada ya uzazi, na alianza kwa kuwapima.

Mama Shamsa, Bombo

Ahsante. Kuhusu kuchuchumaa, mwezi uliopita nilikaa siku nne kwa mama yangu kijijini, ambako choo ni cha shimo, na hali ilikuwa ileile. Ninawezaje kujua kwa hakika kwamba misuli inakaza?

Fizio wa Mbarara

Kuchuchumaa hunyoosha pindo kwa sehemu fulani, lakini hakuwezi kulazimisha msuli unaokaza uachie. Nalongo hakukosea, ila hapo pana mpaka. Vivyo hivyo na mboga: ukiongeza mzigo nyuma ya mlango uliofungwa, tumbo hujaa tu.

Nyumbani, lala chali ukiwa umekunja magoti, weka ncha ya kidole kwenye msamba, kisha fanya kama unataka kutoa upepo taratibu. Msamba ukishuka na kukisukuma kidole, ni vizuri. Ukipanda na kukikimbia, misuli inakaza wakati wa kuachia. Hilo ni dokezo tu. Uhakika zaidi hupatikana kwa daktari anayepima kwa kidole na kukuambia usukume, kipimo kisichohitaji mashine yoyote. Kwingine humwekea mgonjwa puto lenye mililita 50 za maji na kutazama kama anaweza kulitoa ndani ya dakika moja hivi.

Kwa sasa, lala hivyohivyo mara mbili kwa siku, dakika 5 kila mara, uvute pumzi mpaka tumbo lijae na uhisi msamba ukishuka nayo. Usikaze chochote unapoitoa. Nenda chooni baada ya chai ya asubuhi, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo huamka. Weka miguu juu ya kigoda, egemea mbele, toa pumzi polepole kwa mdomo kama unayepuliza makaa, na usibane pumzi. Dakika 10 zikipita bila kitu, ondoka.

Nesi Arua

Nakubaliana na mengi, ila tusiyatwike mazoezi lawama yote. Mama aliyechanika au aliyeshonwa hukaza kwa sababu ya maumivu bila kujua, na huenda misuli ilikuwa imebana kabla hata hajaanza. Mama Shamsa, ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu, mkojo ukigoma kabisa, au ukihisi ganzi unapojisafisha, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Fizio wa Mbarara

Ni kweli, kwa maelezo haya pekee hatuwezi kujua kipi kilitangulia.

Mama Shamsa, Bombo *(baada ya wiki tatu)*

Nilishonwa, Nesi, na sikufikiria kulitaja. Daktari alinipima kwa kidole, akaniambia nisukume, akasema nilikuwa nakibana kidole badala ya kukisukuma nje. Nimeacha kukaza, na pumzi nazifanya kila siku. Siku nyingi choo sasa kinatoka ndani ya dakika 7, ingawa juzi kiligoma tena. Maumivu ya ndoa yamepungua lakini hayajaisha, na matone yapo vilevile. Nitarudi lini kukaza?

Fizio wa Mbarara

Utakapoweza kuushusha msamba kila unapotaka, si kabla. Hata hapo, kaza kwa sekunde 3, kisha uachie kwa sekunde 6 au zaidi mpaka uhisi umeshuka kabisa, mara chache tu kwa siku. Kwa kikohozi, kaza mara moja kabla hakijatoka, halafu uachie.

Afande Mstaafu, Gulu

Nami naomba kuuliza: mimi sikuwahi kufundishwa kuachia. Choo changu hakina shida. Je, nibadilishe?

Fizio wa Mbarara

Kama choo na mkojo vinatoka bila kusubiri, afande, endelea, ila baada ya kila mkazo upumzike muda uleule uliokaza.