Ushauri: somo la usaili kwa wanafunzi 36, dakika 80, nisirudie kosa la mwaka jana

Mwl_Nzuguni

Habari za jioni wakuu. Nafundisha stadi za mawasiliano kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa Dodoma, darasa la cheti cha hotelia. Jumatano ijayo nina vipindi viwili mfululizo na mada ni usaili wa kazi: waandae majibu, waigize, halafu wapeane mrejesho.

Mwaka jana somo hili liliniumiza. Niliwapa maswali 10 wakaandika majibu bwenini, kesho yake nikawa naita wawili wawili mbele. Jozi 5 tu ndizo zilizoigiza, muda ukaisha. Binti mmoja wa kutoka Bahi alikuwa amekariri jibu lake neno kwa neno. Neno moja likampotea, akanyamaza, machozi yakamlenga na darasa likaangua kicheko. Nikauliza, "Mna maoni gani?" Mmoja akasema amejitahidi, mwingine akasema apunguze lafudhi ya Kigogo. Binti yule hakuinua tena mkono kwenye kipindi changu mpaka anahitimu.

Naomba mwenye uzoefu anisaidie kupanga, ili wote waigize na maoni yamjenge mtu.

Baharia_Makole

Mwalimu, usaili ni kujiamini. Wafundishe kuvaa, kukaa wima, kumtazama msaili, na wakariri yale maswali ya kila siku: jitambulishe, kwa nini tukuajiri, udhaifu wako ni upi. Mimi nilipita hivyohivyo na kazi nikapata.

Mama_Kongwa

Mwanangu Baharia, mkao na mavazi sikupingi. Kukariri ndiko kulikomwangusha yule binti. Aliyekariri ana njia moja tu, ikikatika hana pa kupita.

Mwalimu, pole. Nimelifundisha somo hili miaka mingi, na jambo la kwanza nililoliacha ni kuita watu mbele. Wagawe watatu watatu, upate vikundi 12. Mmoja msailiwa, mmoja msaili, wa tatu anatazama na kuandika. Baada ya kila mzunguko wanabadilishana, kwa hiyo mizunguko mitatu inatosha wote 36. Kicheko kinapungua chenyewe, maana kila mtu ana kazi mkononi na zamu yake inakuja.

Maandalizi wape dakika 20, na maswali mawili, si kumi. Moja liwe la kueleza tukio: "Tueleze siku uliyomhudumia mtu aliyekasirika." Kila mmoja apate kipande cha manila ukubwa wa kiganja, aandike vidokezo visivyozidi vitano. Sentensi marufuku, kwa sababu anayeandika sentensi ataikariri.

Nikupe mfano. Kijana wangu mmoja aliandika, "Mimi ni mvumilivu na napenda wateja." Nikamwambia nipe siku moja. Akasema, mwalimu, mimi sijawahi kuajiriwa. Nikamuuliza msimu wa zabibu huwa anafanya nini. Kumbe huuzia abiria stendi! Kuna mama alirudi amefura, zabibu za chini zimeoza. Kadi yake ikawa: stendi, kilo 2, zimeoza chini, nikabadilisha, akarudi. Kwa vidokezo hivyo alisimulia dakika nzima bila kubabaika, na kila alipoulizwa swali la ziada alikuwa na jibu, kwa sababu ni jambo alilolifanya mwenyewe.

Ila sikiliza kwa makini hapa. Mara ya kwanza alisema "tulimsikiliza, tukambadilishia". Sisi tumelelewa kuona "nilifanya" ni majivuno, tunajificha kwenye "tu". Jopo likisikia "tu" halijui wewe ulikuwa wapi. Mfundishe msaili kuuliza: "Wewe mwenyewe ulifanya nini?" Kijana akanyoosha: "Nilimwaga mfuko wote mbele yake, tukachambua pamoja, nikampimia upya."

Mrejesho sasa. Mtazamaji asiandike sifa wala lawama, aandike maneno aliyoyasikia. Mwisho wa igizo msailiwa ndiye anayetangulia kujisemea. Kisha mtazamaji anasoma mambo mawili tu: "Nilikusikia ukisema..." na "Sikusikia..." Kwa yule wa zabibu ilikuwa: "Nilikusikia ukisema ulimwaga mfuko. Sikusikia mama aliondoka vipi." Lafudhi, sauti na umbo havijadiliwi kabisa. Halafu swali lilelile linajibiwa tena palepale. Wengi wanaruka hatua hii ya kurudia, na bila hiyo maoni yanaishia hewani.

Muda: igizo dakika 4, kuandika 1, maoni 3, kurudia 2. Mizunguko mitatu ni dakika 30. Kabla yake igiza wewe na mwanafunzi mmoja kwa dakika 10, wewe ukiwa msailiwa, na wakupe maoni wewe kwanza. Zinabaki 20 za kuhamahama na kufunga.

Chiku_88

Samahani jamani, mimi nimeitwa usaili kupitia Ajira Portal na jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na la cheti cha kidato cha nne. Nitaruhusiwa kuingia?

Mama_Kongwa

Mwanangu, soma tangazo lako la kuitwa hadi mwisho. Angalia wanataka hati gani ya kisheria kwa majina yanayotofautiana, kisha muone wakili mapema, usingoje siku ya usaili. Fungua na uzi wako, utapata wengi waliopitia.

Mapokezi_AreaC

Nakaa kwenye jopo tunapoajiri watu wa mapokezi. Mama Kongwa amesema vizuri, mimi naongezea upande wa msaili. Wanafunzi wakipewa nafasi hiyo husoma maswali kama orodha ya mahudhurio, hawasikilizi. Wape sharti: swali la pili litoke ndani ya jibu la kwanza. Na sisi hatuishii kuongea. Tunamkabidhi mtu simu na kumwambia, "Mgeni anataka chumba, mhudumie." Wengine wenye maneno mazuri hapo ndipo wanapokwama.

Kuhusu lugha, waigize kwa Kiingereza tangu mwanzo. Hotelini ndicho kinachoulizwa.

Mama_Kongwa

Hapo sikubaliani. Akianza na Kiingereza anatafuta maneno, tukio linapotea. Kwanza alijue jibu kwa Kiswahili, ule wa kurudia ndio uwe kwa Kiingereza.

Mapokezi_AreaC

Mama, siku ya usaili hakuna atakayempa raundi ya Kiswahili.

Mwl_Nzuguni

Wakuu, leo ndiyo nimetoka darasani. Vikundi 12 ndani ya chumba kimoja ilikuwa soko la Majengo, ikabidi nitoe vikundi 5 chini ya mwarobaini. Dakika zikapotea, vikundi viwili havikufika mzunguko wa tatu. Mwakani viti nitavipanga kabla.

Mzunguko wa kwanza watazamaji karibu wote waliandika "amejiamini". Nikasimamisha darasa, nikawauliza: alitamka neno gani? Kimya. Mzunguko wa pili karatasi zilijaa.

Binti mmoja mpole alieleza alivyokuwa fildi na mgeni akafika saa 5 usiku, chumba alichowekewa kikawa kimeshachukuliwa. Akasema "tulimtafutia pengine". Msaili wake akauliza, "Nani alipiga simu?" Akainama kidogo, akasema, "Mimi." Alivyorudia alianzia hapo hapo: "Nilipiga simu nyumba mbili za wageni, ya pili ikawa na nafasi, nikamsindikiza getini."

Kwa Kiingereza alikwama neno la tatu, akamalizia kwa Kiswahili. Kwa hiyo la lugha bado sijaamua. Na mkuu wa idara anataka alama za igizo, sijui nitampaje alama mtu aliyebadilika kati ya jibu la kwanza na la pili. Nihesabu lipi?