Naombeni ushauri: lori, treni ama meli?

Wasee wa Kisumu, nipeni akili. Kila tani ya mchele lori inanicost 400 kupakia na kushusha plus 11 kwa kilomita, treni 1,600 na 7, meli 2,650 na 4. Nimetoa 400 kwa 1,600 nikagawanya na tofauti ya 4, treni inashinda lori kuanzia kilomita 300, halafu meli inaishinda treni kuanzia 350. Safari yangu ni kama 330, nikasema treni basi. Sasa stoo iko karibu na gati lakini kupeleka stesheni ni 350 kwa tani, nikiongeza hiyo treni inafika 4,260, meli 3,970, lori 4,030! Kwani hiyo 350 inahesabiwa kwa gharama za stesheni ama nimekosea? Na kilomita za ziwani si sawa na za barabara, nitumie gani?