Tupeane uzoefu: RAM 8, 16 au 32, gemu ilibadilika nini kwako?

Mtoto wa Isevya: Wakuu nina kabanda ka gemu huku Tabora, mashine ina GTX 1060 na RAM GB 8, diski ile ya kuzunguka. Forza Horizon 5 inaonyesha FPS 60 fresh tu, ila ukikanyaga mafuta ukaingia mjini inaganda kama sekunde nzima, dogo anagonga ukuta anadai hela yake. Walioongeza RAM, FPS ilipanda?

Kigogo96: Ilipanda sana! Laptopu yangu ya Ryzen nilitoa 8 nikaweka 16, gemu ikatoka 30 ikafika arobaini na kitu. RAM ndo FPS mkuu, ongeza tu.

Fundi Mwanga: Kigogo yako haina grafiki kadi, picha zinachorwa na RAM hiyo hiyo, na nahisi ulikuwa na kijiti kimoja ukaongeza cha pili. Viwili vinapitisha data kwa njia mbili, ndo hapo FPS inaruka. Isevya ana kadi yake, kwake usitegemee hivyo.

Mama Dagaa: mi simu yangu ina GB 8 na haigandi kabisa, mnanunua makompyuta ya nini 😂

Fundi Mwanga: Mama Dagaa tuachie kwanza lol. Isevya, hiyo 60 ni wastani. Dakika moja ina fremu 3600, ukiganda sekunde moja unapoteza 60 tu, wastani unashuka hadi 59, namba haioni ila dogo ameshagonga ukuta. RAM ikijaa Windows inahamishia vitu kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni kobe. Cheza hadi igande, hapo hapo bonyeza Ctrl+Shift+Esc uangalie Performance: Memory ikiwa juu ya 90% na Disk 100%, ni RAM. Memory ikiwa na nafasi na GPU ndo imefika 99%, usipoteze hela. Mteja wangu hapa Kigoma mwenye mashine kama yako tulimwekea 16, wastani ulibaki pale pale, kuganda kukaisha kwa asilimia kubwa.

Mjenzi wa Miji: Mimi nina 32 sababu ya Cities: Skylines, mod zimejaa hadi 16 ilikuwa haitoshi. Kwenye Forza sioni tofauti yoyote na nilipokuwa na 16, labda kuacha Chrome wazi bila presha.

Mtoto wa Isevya: Nimeangalia, Memory 94, Disk 100. Na pale Slots used inasoma 1 of 2. Kuna jamaa ana kijiti cha 8, DDR4 kama changu ila chake 2400 changu 2666, vitakubali?

Fundi Mwanga: Mara nyingi vinakubali, vyote vinashuka hadi 2400. Mara nyingine mashine inagoma kuwaka, kijaribu kabla hujalipa.

Kigogo96: Mi naona bora anunue SSD kwanza, RAM baadae

Mtoto wa Isevya: Hela ni ya kimoja tu wakuu, sasa nishike lipi?