Pasi isiyokata moto, halafu ikaanza kuangusha breka: tupeane uzoefu

Mshonaji wa Tanga: Habari za jioni wanajamvi. Leo jirani kaja analia na pasi yake, nikakumbuka yangu. Ilianza kwa taa nyekundu kutozima. Unaiweka kwenye hariri, inapanda mpaka moto wa kitani, na gauni la mteja likashika palepale kwenye pindo. Nikawa naichomoa na kuichomeka ili isizidi. Sasa imeleta ukorofi mwingine: inapata moto vizuri, ikishaiva tu, breka kubwa inaanguka, nyumba nzima giza. Fundi mmoja anasema temostati, mwingine anasema elementi. Waliokutwa na hili waseme.

Binti Sita: Yangu hivyohivyo kabisa. Niliitupa.

Kijana wa Spea: Ni temostati, dada. Fungua, pitisha msasa laini katikati ya pointi, ikitoa ule mlio wa "tik" ukizungusha kitufe imepona. Breka inaanguka kwa sababu pasi ikizidi moto inavuta umeme mwingi.

Fundi Mstaafu: Kuhusu pointi uko sahihi, kuhusu breka hapana. Pasi ya wati 1000 kwenye volti 230 inavuta ampea 4 na kidogo tangu mwanzo hadi mwisho, haiongezeki ikiiva. Dada, breka inayoanguka ina kitufe chenye herufi T? Kama ndiyo, hiyo haihesabu wingi wa umeme, inahesabu unaovuja kwenda kwenye bati la pasi. Hayo ni magonjwa mawili, na la kwanza limezaa la pili. Pointi zikigandana elementi haipumziki, na ule unga mweupe unaozuia waya usiguse bomba lake unachoka kwa moto.

Baba Neema: Acheni niseme. Kwetu pasi ilikuwa haikati, ikaunguza fyuzi yake ya joto, ile ndogo iliyovikwa soksi nyeupe. Fundi wa mtaani akairuka kwa kipande cha waya. Umeme ukakatika mama akiwa anapiga pasi, akaiacha mezani akaenda sokoni. Ukarudi hayupo. Tulikuta pasi imezama kwenye meza ya mninga, imetoboa ubao ikadondoka sakafuni, pazia limeanza kushika. Sakafu ya saruji ndiyo iliyotuokoa.

Binti Sita: Mungu wangu. Mama alipona?

Baba Neema: Alipona. Fundi alihama mtaa.

Mzee wa Gereji: Poleni. Dada, ya kwako rahisi: toa waya wa ethi kwenye plagi, breka haitaanguka tena.

Fundi Mstaafu: Mzee, ufute hilo! Umeme utaendelea kuvuja, ila sasa utapitia mkononi mwa mshonaji aliyesimama pekupeku.

Mzee wa Gereji: Nimepigia pasi miaka yote bila ethi.

Baba Neema: Na mimi nilikuwa na meza.

Kijana wa Spea: Mimi nimepima kadhaa kutoka ethi hadi pini nyingine, mita inasoma 1 tu, yaani hakuna njia. Elementi haivuji.

Fundi Mstaafu: Uliiweka wapi? Kwenye 200 itasoma 1 hata kama inavuja. Breka hiyo inaanguka kwa miliampea 30, na kwa volti 230 zinatosha omu elfu saba na kitu. Weka 2M. Tena pima ikiwa ya moto.

Mshonaji wa Tanga: Nimeazima mita. Pini mbili za umeme, kitufe kikiwa sifuri: omu 53. Ethi kwenye 2M ikiwa baridi: 1. Nikaichomeka, breka ilipoanguka nikachomoa nikapima hapohapo: kama omu elfu sita. Kadiri inavyopoa namba inapanda, mpaka 1 tena.

Fundi Mstaafu: Umejibiwa. 53 kwenye sifuri maana yake pointi zimegandana, maana ingetakiwa isome 1. Na elfu sita ikiwa moto ni elementi.

Kijana wa Spea: Au unyevu wa pwani. Aianike juani.

Fundi Mstaafu: Unyevu ungevuja ikiwa baridi na kupungua ikikauka. Yake ni kinyume. Elementi imesubiwa ndani ya bati, itabidi bati zima libadilishwe pamoja na temostati.

Kijana wa Spea: Kwa bei ya hilo bati bora pasi mpya. Ila temostati mimi ningepiga msasa tu.

Fundi Mstaafu: Pointi zilizokwisha gandana zikakwanguliwa hazina ule utando wa juu tena. Zitagandana.

Kijana wa Spea: Yangu bado inakata.

Chombo wa Lindi: Yangu haipati moto kabisa, taa haiwaki. Na mimi nipime ethi?

Baba Neema: Wewe anza na waya pale unapoingia kwenye mkono wa pasi, pindapinda uone. Halafu ile fyuzi yenye soksi. Ikiwa imekata, usiiruke, na tafuta kwanza kilichoikata.